Unachonunua Unaponunua Fonti

Chukua kadi ya mchango wa harusi, kazi ambayo steshenari za Dar es Salaam huipokea kila wiki. Mbunifu anatafuta fonti ya mwandiko wa mkono yenye mikia mirefu, anaipata bure mtandaoni, anaipakua, anaisakinisha na kuandika majina ya maharusi. Yanapendeza. Kisha anaandika kiwango cha mchango, 50,000/=, na tarakimu zinatokea kwa sura nyingine kabisa, wima na kavu kama za barua ya ofisi. Anabadilisha ukubwa, anasakinisha upya, wapi. Kompyuta haina kosa. Faili alilopakua ni la majaribio: lina herufi A hadi Z tu. Mwenye fonti aliziacha nje tarakimu, koma, mkwaju na alama ya usawa kwa makusudi, ili anayetaka kufanya kazi kamili anunue faili kamili. Programu ya kuchorea ilipozikosa humo ndani, ilizichukua kwenye fonti nyingine iliyokuwa tayari kwenye kompyuta.

Habari hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa fonti, kwa neno moja dogo karibu na kitufe cha kupakulia: Demo. Mara nyingi chini yake huwa kuna maneno mengine, Free for personal use. Wengi huyachukua maandishi hayo mawili kama kitu kimoja, lakini la kwanza linasema kuhusu faili na la pili linasema kuhusu ruhusa. Hata kama tarakimu zingekuwamo zote, steshenari ingekuwa bado haijaruhusiwa. Bwana harusi akijitengenezea kadi yake mwenyewe nyumbani, hayo ni matumizi binafsi. Fundi anayelipwa kuitengeneza kadi hiyo hiyo anafanya biashara, na biashara inahitaji leseni ya biashara.

Ukurasa wa kuuzia fonti, uwe wa MyFonts, Creative Market, DaFont au Google Fonts, kwa kweli unakupa vitu vitatu kwa pamoja: jina, ruhusa na mafaili. Picha kubwa ya juu, ile yenye kikombe cha kahawa na neno lililoandikwa kwa madaha, si mojawapo ya hivyo vitatu. Ni tangazo. Mnunuzi anayeangalia picha na bei peke yake hajui bado amenunua nini.

Tuanze na jina, maana ndilo linalosomwa kwanza na ndilo linaloeleweka vibaya mapema. Jina la fonti lina sehemu mbili, familia na mtindo. Lato ni familia. Lato Bold Italic ni mtindo mmoja ndani ya familia hiyo. Maneno kama Thin, Light, Regular, Medium, Bold na Black ni ngazi za unene wa mistari ya herufi, na nyuma yake kuna namba ambazo wajenzi wa tovuti huzitumia: Thin ni 100, Regular ni 400, Bold ni 700, Black ni 900. Italic na Oblique ni herufi za mlazo. Condensed ni zilizobanwa ili maneno mengi yaingie kwenye mstari mfupi. Neno Display linakuambia herufi zilichorwa kwa ajili ya vichwa vikubwa na mabango, na Text kwa ajili ya aya ndefu za maandishi madogo. Ukipanga kitabu kizima kwa fonti ya Display, mistari yake myembamba itapotea kwenye karatasi na msomaji atachoka kabla ya kumaliza ukurasa wa pili.

Idadi ya mitindo huandikwa karibu na bei, na inastahili kusomwa kabla ya kitu kingine chochote. Lato iliyoko Google Fonts, ambayo ilianza kuchorwa na Łukasz Dziedzic wa Poland mwaka 2010, ina mitindo 10: unene wa aina tano, kila mmoja ukiwa na mlazo wake. Fonti nyingi za mapambo zina mtindo mmoja tu. Ukinunua ya mtindo mmoja kisha ukabonyeza B kwenye Word, herufi zitanenepa, lakini huo si unene uliochorwa na msanii. Programu imezipaka mistari ya ziada pembeni. Utaitambua hila hiyo ukikuza maandishi: matundu ya ndani ya a, e na o yanakuwa yameanza kuziba, na kona zimevimba. Kwenye chapa ya bei nafuu matundu hayo hujaa wino kabisa.

Kuna jambo jingine kuhusu mitindo ambalo huwachanganya watu wengi. Word na programu nyingine za Windows zimezoea familia yenye mitindo minne tu: ya kawaida, ya mlazo, nzito, na nzito ya mlazo. Familia ikiwa na mitindo zaidi ya hiyo, iliyobaki hujitokeza kwenye orodha kama familia tofauti, kwa hiyo utaona Lato, kisha Lato Light, kisha Lato Black. Mteja akikupigia simu kulalamika kwamba Light haimo, mwambie ashuke chini kidogo kwenye orodha.

Mwishoni mwa jina mara nyingi huwa kuna herufi mbili tatu ambazo si mtindo. MT ni Monotype, LT ni Linotype, ITC ni International Typeface Corporation, BT ni Bitstream. Ni alama za kampuni zilizoitoa. Yeyote aliyefanya kazi na CorelDRAW amewahi kukutana na Swiss 721 BT, kwa sababu Corel waliuza programu yao pamoja na fonti za Bitstream. Ukiiweka Swiss 721 kando ya Helvetica utaona ni herufi zile zile. Kadhalika Dutch 801 ni Times, na Humanist 521 ni Gill Sans. Bitstream walilichora upya umbo la herufi lakini hawakuweza kulitumia jina, kwa kuwa jina ni alama ya biashara ya mwingine.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha biashara hii. Nchini Marekani, ambako masoko mengi makubwa ya fonti yako, sheria ya hakimiliki hailindi umbo la herufi lenyewe. Inalinda programu, yaani faili la kompyuta linalozalisha umbo hilo. Kwa hiyo muuzaji hakuuzii herufi, na hakuuzii faili liwe mali yako. Anakuuzia ruhusa ya kulitumia faili kwa namna zilizotajwa, kama mpangaji anavyolipia kukaa kwenye nyumba ambayo haijawa yake. Kila unapoona bei tatu au nne kwenye ukurasa mmoja wa fonti, fahamu kuwa faili ni karibu lile lile na kinachobadilika ni ruhusa.

Tuipitie kwa mfano. Tuseme ofisi ndogo ya ubunifu imepewa kazi na mchapishaji wa vitabu vya watoto: hadithi ya kurasa 24 kwa darasa la kwanza, itakayochapwa kwenye karatasi, iuzwe pia kama kitabu cha kielektroniki, iwe na tovuti yake, na baadaye igeuzwe kuwa programu ya simu. Ofisi ina wabunifu wawili. Wameipenda fonti moja ya kulipia.

Kazi ya karatasi inahitaji leseni inayoitwa Desktop. Ndiyo ya msingi na ndiyo inayotangulia kwenye orodha. Inakuruhusu kuisakinisha fonti kwenye kompyuta na kutengenezea vitu visivyobadilika: kitabu cha karatasi, bango, kipeperushi, kadi, picha ya mtandaoni. Bei yake hupimwa kwa idadi ya watumiaji, na baadhi ya wauzaji huhesabu kompyuta badala ya watu. Wabunifu ni wawili, kwa hiyo wanunue ya wawili. Idadi ya nakala zitakazochapwa kwa kawaida haihusiki. Chapa mia au laki, leseni ni ile ile. Lakini angalia sehemu inayozungumzia bidhaa za kuuza. Kuna wauzaji wanaotaka leseni kubwa zaidi pale ambapo herufi zenyewe ndizo zinazoifanya bidhaa inunuliwe, kwa mfano fulana au kikombe chenye neno moja tu lililoandikwa kwa fonti yao. Anayechapa maneno kwenye nguo za kuuza na aisome sehemu hiyo mstari kwa mstari.

Kitabu cha kielektroniki ni habari nyingine. Kwenye karatasi fonti imekwisha kuwa wino. Ndani ya faili la EPUB, fonti yenyewe inasafiri pamoja na kitabu na inaingia kwenye simu ya kila aliyekinunua. Kwa sababu hiyo masoko mengi yana leseni ya pekee kwa kazi hii, na hulipiwa kwa kila kitabu. Hadithi ya pili katika mfululizo huo huo ni malipo mengine.

Tovuti pia hupeleka fonti kwa kila msomaji, na leseni ya Web hupimwa mara nyingi kwa idadi ya mara kurasa zinapofunguliwa kwa mwezi. Mchapishaji atachagua kiwango kidogo mwanzoni, jambo ambalo ni sawa, lakini ajue nani atakayefuatilia idadi hiyo siku kitabu kikipendwa. Mwisho kuna leseni ya App, ambayo hutolewa kwa kila programu ya simu moja moja.

Kwa hiyo kazi moja imehitaji leseni nne. Si utapeli. Msanii aliyeichora fonti ya kusomeka vizuri hutumia miezi, wakati mwingine miaka, na hana njia nyingine ya kulipwa kadiri kazi yake inavyoenea. Kosa liko kwenye ofisi inayonunua Desktop peke yake, ikawatengenezea wateja tovuti na programu kwa miaka, kisha mteja akapokea barua ya madai. Barua hiyo humwendea mwenye tovuti, si mbunifu, kwa sababu ndiye anayeonekana kuitumia fonti. Ndiyo maana naona mbunifu anapaswa kumweleza mteja kwa maandishi, kabla ya kazi kuanza, leseni zipi zitahitajika na zitanunuliwa kwa jina la nani. Leseni ikiwa kwa jina la mbunifu, siku mteja akihamia kwa mbunifu mwingine haondoki nayo.

Sasa tuichukue kazi ile ile na tuifanye kwa fonti ya leseni huria. Kwa kitabu cha watoto wanaojifunza kusoma kuna moja iliyotengenezwa hasa kwa ajili hiyo, Andika, ya shirika la SIL. Jina lake limetoka kwenye Kiswahili. Herufi zake zimechorwa ili mwanafunzi asizichanganye kwa urahisi: a na g zina umbo analofundishwa mtoto kuandika kwa mkono, na herufi I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 kila moja ina sura yake. Inatolewa chini ya leseni inayoitwa SIL Open Font License, ambayo kwenye ukurasa huandikwa OFL. Toleo lake la 1.1, lililotolewa tarehe 26 Februari 2007, ndilo lililozoeleka, na sehemu kubwa ya fonti za Google Fonts ziko chini yake.

Chini ya OFL, kitabu cha karatasi, EPUB, tovuti na programu ya simu vyote vinaruhusiwa, vya biashara na visivyo vya biashara, bila kuhesabu kompyuta wala wasomaji. Hailazimishi hata kumtaja mwenye fonti ndani ya kitabu, ingawa kumtaja ni uungwana. Hata hivyo ina masharti, na watu huyaruka kwa sababu wameona neno Open. Huruhusiwi kuiuza fonti peke yake. Unaweza kuiuza ikiwa ndani ya programu. Ukiipeleka fonti yenyewe kwa mtu, au ukaiweka ndani ya programu ya simu, tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni yaende nayo. Na ukiibadilisha, tuseme umeongeza herufi au umerekebisha umbo la moja, toleo lako libaki chini ya OFL na lisitumie jina lililohifadhiwa. Kwa Andika, majina Andika na SIL yamehifadhiwa. Toleo lako utalipa jina jingine. Sharti hili nalipenda, kwa kuwa linamlinda mwalimu wa kijijini: akipakua faili linaloitwa Andika, ana hakika ni lile lililopimwa na wenyewe.

Kati ya fonti ya kulipia na huria kuna eneo la mashaka, nalo ni tovuti za kupakua bure zinazochanganya zote. DaFont, kwa mfano, huandika hali ya ruhusa juu ya kitufe cha kila fonti: 100% Free, Free for personal use, Demo, Donationware, Public domain / GPL / OFL. Maneno hayo ni muhtasari. Yanayotawala ni yale yaliyomo kwenye faili la maandishi ndani ya kifurushi, lenye jina kama `license.txt` au `read me`, na yakipingana na yaliyoko kwenye ukurasa, mwandikie msanii kabla ya kuitumia. Wengi hujibu, na bei wanayotaja kwa kazi ndogo mara nyingi si kubwa. Tovuti isiyosema kabisa ruhusa ni ipi, au inayotoa bure fonti ambayo kwingine inauzwa, usichukue kitu kwake. Kutokutajwa kwa leseni si ruhusa.

Tufungue basi kifurushi. Kifurushi cha Andika kina mafaili manne ya kusakinisha: `Andika-Regular.ttf`, `Andika-Bold.ttf`, `Andika-Italic.ttf` na `Andika-BoldItalic.ttf`. Kando yake kuna `OFL.txt`, ambayo ndiyo leseni, na `FONTLOG.txt`, inayoeleza mabadiliko. Halafu kuna folda ya `web` yenye mafaili ya WOFF na WOFF2. Fonti nyingi za kulipia huja na mpangilio unaofanana na huu, isipokuwa kwamba mara nyingi utapata yale tu uliyoyalipia.

TTF na OTF zote ni za kusakinisha kwenye kompyuta. TTF imetokana na TrueType, iliyobuniwa na Apple na kuingia sokoni mwaka 1991. OTF ni OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996. Tofauti iko katika namna mistari ya mviringo inavyohesabiwa, na macho yako hayataiona. Ukipewa zote mbili, sakinisha moja tu. Ukisakinisha zote, zitakuwa na jina moja, programu itachagua yoyote, na siku moja maandishi yaliyokuwa yakiishia mwisho wa ukurasa yatavuka kwenda ukurasa unaofuata bila sababu unayoijua. Kama bado una fonti za zamani za aina ya Type 1, zile za mafaili mawili mawili ya PFB na PFM, fahamu kuwa Adobe waliacha kuzitambua katika programu zao mwanzoni mwa mwaka 2023.

WOFF na WOFF2 ni fonti zile zile zilizobanwa ili zipakuliwe upesi na kivinjari. WOFF2 inabana zaidi, kwa wastani karibu asilimia 30 kuliko WOFF, na kwa msomaji anayelipia bando hilo si jambo dogo. Hayasakinishwi kwenye Word. Mjenzi wa tovuti huyataja hivi:

```css
@font-face {
  font-family: "Andika";
  src: url("Andika-Regular.woff2") format("woff2");
  font-weight: 400;
}
```

Namba 400 pale ndiyo Regular tuliyoiona kwenye majina. Mtu akiandika 400 kwenye faili la Bold, tovuti itaonekana nzito kila mahali, na vichwa vya habari vitaongezewa unene wa bandia juu yake.

Siku hizi utaona pia neno Variable, au VF, au jina la faili lenye mabano kama `OpenSans[wdth,wght].ttf`. Hili ni faili moja lenye ngazi zote za unene ndani yake, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja. Kwa tovuti ni nzuri sana. Kwa kazi za kuchapa hakikisha kwanza programu yako inaielewa. CorelDRAW, kwa mfano, ilianza kuikubali kwenye toleo la 2020. Kwenye toleo la zamani utaona mtindo mmoja tu na utadhani umeibiwa.

Ndani ya kila faili la TTF au OTF kuna alama moja iliyofichika inayosema iwapo fonti inaweza kupachikwa ndani ya hati. Kwenye Windows, nenda kwenye folda ya Fonts, bonyeza kulia juu ya fonti, fungua Properties kisha Details, na utasoma mstari wa Font embeddability. Ikiandikwa Installable au Editable, Word inaweza kuipachika kwenye hati yako. Ikiandikwa Restricted, Word haitaipachika, na programu nyingine zitagoma kutengeneza PDF yenye maandishi hai. Alama hiyo haichukui nafasi ya leseni: inazuia kwa mkono, lakini kutozuiwa si sawa na kuruhusiwa.

Jambo hili linatugusa hasa tunapopeleka kazi kiwandani. Mazoea ya kumtumia mchapaji faili la kazi pamoja na folda ya fonti kwa WhatsApp yameenea, na kwa leseni nyingi za kulipia hayaruhusiwi, kwa sababu mchapaji naye ni mtumiaji ambaye hajalipiwa. Suluhisho ni mawili. La kwanza ni kumpelekea PDF iliyopachikwa fonti. Ukiwa umeifungua kwenye Adobe Reader, nenda File, Properties, Fonts: kila jina lifuatwe na Embedded au Embedded Subset. Jina lisilo na neno hilo litabadilishwa na kompyuta ya kiwandani. La pili ni kugeuza maandishi kuwa michoro, Ctrl+Q kwenye CorelDRAW au Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator. Ila hifadhi nakala ya asili kwanza, maana baada ya hapo huwezi kusahihisha hata herufi moja ya jina la bibi harusi.

Kabla ya kulipa, tumia kile kisanduku cha kujaribia maandishi kilichoko kwenye ukurasa wa fonti. Usiandike jina lako. Andika kitu chenye mitego ya lugha zetu, kama hiki: Ng’ombe 12, bei 50,000/= tu. Alama iliyo kwenye ng’ huwa ni mtego wa kweli, kwa sababu Word huibadilisha yenyewe kutoka alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na fonti hafifu huwa na ile iliyonyooka tu. Anayechapa Kikuyu aandike Gĩkũyũ, maana ĩ na ũ hazimo kwenye fonti nyingi za mapambo. Anayehitaji Kiswahili kwa hati za Kiarabu hatakipata kwenye Andika. SIL wana Scheherazade New kwa ajili hiyo, nayo iko chini ya OFL. Chunguza kama herufi yoyote imetokea kwa sura ya kigeni au kama kisanduku kitupu. Baada ya kulipa, weka risiti, maandishi ya leseni ya siku hiyo na mafaili yote kwenye folda moja ya kazi, kwa sababu masharti ya soko yanaweza kubadilika na wewe unafungwa na yale uliyoyanunua.

Na wewe unayechora fonti Mombasa, Arusha au Bujumbura na kuipandisha sokoni, nakuomba uandike ukurasa wako kwa kumjali mnunuzi wa hapa. Taja idadi ya mitindo, mafaili yaliyomo, na lugha ulizozipima kwa macho yako. Sema waziwazi kama kadi ya kulipiwa, fulana, tovuti na programu ya simu vinaruhusiwa, na kwa bei gani. Kama faili la bure halina tarakimu, liandike hilo kabla ya kitufe cha kupakulia.